Mbuzi dakika arobaini, maji sekunde kumi: uchambuzi wa muhtasari wa kikao cha mfereji

Katibu wa kamati ya mfereji mmoja, huku juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, alileta ofisini kwetu Moshi mjini rekodi ya kikao iliyochukuliwa kwa simu iliyowekwa katikati ya meza. Ilikuwa ya saa mbili na dakika tano. Kazi yetu ni kusikiliza, kuandika kila kilichosemwa na kuweka saa pembeni, halafu mteja akitaka tunamtolea muhtasari. Maandishi ya kikao hiki yalipita maneno elfu kumi na moja. Agizo la muhtasari alilituma kwa simu baadaye, nalo lilikuwa hivi: "Naomba muhtasari wa kikao, usiwe mrefu sana."

Kisa hiki nakichambua kwa sababu maandishi hayakubadilika hata neno, na mwandishi wa mihtasari alikuwa yule yule, dada mwenye mkono mzuri na uzoefu wa vikao vya vijijini. Kilichobadilika ni agizo tu. Majina nimeyaondoa, nimeacha vyeo.

Msomaji aone kwanza malighafi yenyewe. Msaragambo ni kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, na banio ni pale mfereji unapochukua maji mtoni. Hivi ni vipande viwili, vyote kutoka saa ya pili ya kikao:

> [01:07:40] MWENYEKITI: Sasa hili la faini. Katiba yetu inasema asiyekuja msaragambo elfu tano. Wapo wanaosema haitoshi.
> [01:08:05] MJUMBE WA JUU: Elfu tano mtu anaitoa huku anacheka. Tuweke kumi.
> [01:08:21] MAMA WA CHINI: Kumi mnamuua mjane. Halafu sisi wa chini maji yenyewe hayatufikii, mnatutoza faini ya maji gani?
> [01:08:31] MWENYEKITI: Mama, hilo tutalirudia. Kwa hiyo tuseme kumi. Lakini hii ni kubadili katiba, lazima iende mkutano mkuu. Kwa sasa inabaki ile ile.
> [01:09:02] KATIBU: Niandike kumi?
> [01:09:04] MWENYEKITI: Andika kamati inapendekeza.

> [01:31:12] FUNDI: Geti la banio limeliwa na kutu, halifungi. Vifaa na ufundi, laki mbili na themanini. Kazi ya siku moja.
> [01:31:50] MWEKA HAZINA: Zilizopo ni laki moja na tisini.
> [01:32:20] MWENYEKITI: Aanze zikitimia. Tukifunga maji kabla geti halijakaa, tutafunga mara mbili.
> [01:33:05] MJUMBE: Mimi nitatoa [haisikiki] elfu, mpaka Jumatano.
> [01:33:30] MWENYEKITI: Basi msaragambo Jumamosi tarehe 14, saa moja asubuhi, banioni, kama geti litakuwa tayari. Lisipokuwa tayari, tarehe 21. Alhamisi katibu atawajulisha watu.

Kabla ya hapo, kuanzia dakika ya 12 hadi ya 52, kikao kizima kilikuwa kwenye mbuzi. Mbuzi wa fulani wamebomoa ukingo karibu na banio, mwenye mbuzi anakana, shahidi anaitwa, mzee anakumbusha zama za babu zao, wengine wanacheka. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mfereji anajua hali hiyo.

Huu ndio muhtasari uliotoka kwa agizo la "usiwe mrefu sana":

> Kikao kilifunguliwa kwa sala na mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuhudhuria. Wajumbe walijadili kwa kina suala la mbuzi kuharibu kingo za mfereji, ambapo hoja nyingi zilitolewa na ilisisitizwa kuwa kila mfugaji awajibike. Aidha, kikao kilijadili faini ya kutohudhuria msaragambo na kuonelea iongezwe hadi shilingi 10,000. Ilielezwa pia kuwa geti la banio ni bovu na litatengenezwa. Msaragambo utafanyika Jumamosi tarehe 14. Kikao kilifungwa kwa sala.

Ukiusoma haraka unaona uko sawa. Kiswahili ni safi, mambo yamefuatana kama yalivyotokea, hakuna kilichotungwa kutoka hewani. Ndiyo maana muhtasari wa namna hii hupita bila kukaguliwa. Sasa uweke kando ya maandishi. Faini "kuonelea iongezwe hadi 10,000": mwenyekiti alisema inabaki ile ile mpaka mkutano mkuu. Geti "litatengenezwa": fedha hazijatimia. Tarehe 14: sharti lake limeanguka njiani. Na yule mama wa chini, aliyesema maji hayawafikii, hayumo kabisa.

Kwa nini mwandishi mzuri aandike hivyo? Hakuambiwa anamwandikia nani. Asiyejua msomaji hawezi kujua lipi ni zito, kwa hiyo anatafuta kipimo kingine cha uzito, na kilicho karibu zaidi ni muda. Lililozungumzwa muda mrefu linapata sentensi ndefu. Mbuzi walichukua dakika arobaini, wakapata sentensi ndefu kuliko zote. Mama wa chini alichukua sekunde kumi, akapata sifuri. Sala ya kufungua na kufunga zimepata nafasi kwa sababu ni alama zinazoonekana kirahisi kwenye maandishi. Maneno kama "kwa kina" na "hoja nyingi zilitolewa" yanaeleza kwamba watu waliongea, ila walichosema hayakigusi. Ukiyaona kwenye muhtasari, jua hapo mwandishi alikuwa hajui afanye nini na sehemu ndefu.

Katibu aliporudishiwa, jibu lake lilikuwa la watu wengi: bado ni mrefu, ufupishwe uwe sentensi tatu. Agizo hilo lilitoa hiki:

> Kikao kilijadili tatizo la mbuzi, faini na ubovu wa geti. Faini ya msaragambo imepanda hadi 10,000. Msaragambo ni Jumamosi tarehe 14 saa 1 asubuhi.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa karibu. Muhtasari wa kwanza ulisema kikao "kilionelea" faini iongezwe, wa pili unasema "imepanda". Kupunguza urefu peke yake kumeongeza kosa. Mtu akibanwa apunguze maneno, ya kwanza kuanguka ni yale madogo yanayobeba hali ya jambo: kama, iwapo, bado, inapendekezwa, kwa sasa. Yanaonekana mepesi, na sentensi inasimama bila hayo. Lakini kwenye kikao maamuzi mengi yanakaa ndani ya hayo hayo. Mwenyekiti huyu hakuamua tarehe moja. Aliamua tarehe mbili na sharti moja. Ukitoa sharti, umetangaza kikao kingine ambacho hakikufanyika.

Kwa hiyo tulimpigia katibu na kumwuliza swali ambalo sasa tunaliuliza kabla ya kuanza kazi yoyote: nani atausoma, na akishausoma afanye nini? Jibu lake lilifungua mambo. Wasomaji walikuwa watatu. Wanachama ambao hawakuja, wengi wao wazee wenye simu za kitochi, wanaohitaji kujua lini waje. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani hapa Moshi, kwa sababu mfereji una kibali cha kutumia maji na kamati ilitaka kupeleka taarifa ya hali ya banio. Na kamati yenyewe, ifuatilie nani anafanya nini. Alikuwa akitafuta karatasi moja ya kuwatosha wote, na karatasi ya namna hiyo ndiyo ile ya kwanza tuliyoiona.

Tukaanza na wanachama. Agizo liliandikwa hivi:

> Msomaji: mwanachama ambaye hakuja kikaoni, anaujua mfereji na watu wake, anasoma kwenye simu ya kitochi. Akimaliza ajue lini aje, aje wapi na nini, na asipokuja leo atalipa kiasi gani.
> Urefu: SMS mbili zilizoungana, zisizidi herufi 306 pamoja na nafasi.
> Mpangilio: tarehe kwanza, na sharti la tarehe likae kwenye sentensi ile ile. Faini baadaye. Pendekezo liitwe pendekezo. Mbuzi wasitajwe.

Urefu haukuchaguliwa kwa kupenda. SMS moja inabeba herufi 160. Zikiungana, kila moja inabaki na 153, kwa kuwa sehemu ndogo inatumika kuziunganisha, na mbili zinafika 306. Kipimo kimetoka kwenye simu ya msomaji na kwenye mfuko wa katibu anayelipia kila ujumbe. Na angalizo kwa wanaoandika kwenye kompyuta kisha wakatuma kwa simu: programu za kuandikia hupenda kubadilisha alama ya kwenye ng'ombe ikawa ile iliyopinda. Alama iliyopinda haimo kwenye orodha ya kawaida ya herufi za SMS, ikiingia moja tu ujumbe mzima unashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Utalipa SMS nyingi zaidi kwa sababu ya ng'ombe mmoja.

Kilichotoka:

> MFEREJI: Msaragambo Jumamosi tar. 14 saa 1 asubuhi, banioni, KAMA geti litakuwa tayari. Lisipokuwa tayari ni Jumamosi tar. 21. Mtajulishwa Alhamisi tar. 12. Njoo na jembe au panga. Faini ya kutokuja bado 5,000. Kamati imependekeza 10,000. Mkutano mkuu ndio utaamua. Katibu.

Ni herufi 273. Ulinganishe na ule wa sentensi tatu: huu ni mrefu zaidi na una manufaa zaidi, na bado unaingia kwenye simu ya kitochi. Hakuna sala, hakuna mbuzi, hakuna gharama ya geti. Vyote hivyo ni kweli na vilisemwa, ila msomaji huyu hatavifanyia kitu. "Njoo na jembe au panga" ilitoka dakika za mwisho kabisa za rekodi, kwenye sentensi moja ya katibu iliyosemwa watu wakiwa wanasimama. Mwandishi aliyekuwa akipima kwa muda asingeiona. Aliyeambiwa msomaji atakuja na kitu mkononi aliitafuta mpaka akaipata.

Neno KAMA limeandikwa kwa herufi kubwa kwa hiari ya mwandishi, na mimi nimeliacha. Kwenye kioo kidogo mtu husoma tarehe akafunga simu.

Ofisi ya bonde ni msomaji wa aina nyingine kabisa, na hapa ndipo kisa kinanoga. Agizo:

> Msomaji: afisa anayeshughulikia mifereji mingi, hajafika kwenye mfereji huu, hajui mtu yeyote wa kikaoni. Anataka kujua hali ya banio, lini maji yatafungwa, na kama kuna mgogoro wa mgawo unaoweza kumfikia.
> Urefu: maneno yasiyozidi 120.
> Mpangilio: aya fupi zenye vichwa. Kila aya iseme kama jambo limeamuliwa, limependekezwa au limelalamikiwa tu. Penye lalamiko weka saa ya kwenye rekodi.

Na kilichotoka:

> Banio. Geti la chuma limeliwa na kutu na halifungi. Fundi amekadiria shilingi 280,000, vifaa na ufundi. Zilizopo ni 190,000. Kazi haijaanza; imeamuliwa ianze fedha zikitimia.
>
> Kufungwa kwa maji. Imeamuliwa kufunga kwa ajili ya usafi Jumamosi tarehe 14 iwapo geti litakuwa tayari, vinginevyo tarehe 21.
>
> Mgawo wa maji. Lalamiko: mjumbe mmoja wa upande wa chini alisema maji hayawafikii (01:08:21). Mwenyekiti aliahidi kulirudia, halikurudiwa.
>
> Mifugo. Ukingo karibu na banio umebomolewa na mbuzi. Wafugaji waliokuwepo wamekubali kuwafunga. Hakuna adhabu iliyowekwa.

Yule mama amerudi. Sekunde kumi zake zimepata kichwa cha habari cha peke yake, kwa sababu kwa afisa anayesimamia maji ya watu wengi, "hayatufikii" ni neno zito kuliko yote ya siku ile. Mfereji wa chini ukikosa maji ndipo barua zinapoanza kuandikwa. Na sentensi ya mwisho kwenye aya hiyo, "halikurudiwa", haikunakiliwa popote. Mwandishi alilazimika kupitia dakika hamsini na saba zilizobaki kuhakikisha kwamba kweli mwenyekiti hakulirudia. Agizo lilipomtaka aseme hali ya kila jambo, lilimlazimisha kutafuta mwisho wake, na wakati mwingine mwisho wa jambo ni kwamba halina mwisho.

Mbuzi nao wamerudi, ila wamekonda. Kwa wanachama waliondolewa kabisa. Kwa afisa wana sentensi tatu fupi, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazohatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na banio liko mtoni. Nani mwenye mbuzi, nani alishuhudia, nani alikasirika, hayo hayamhusu. Faini ya msaragambo haimo kabisa: ni jambo la ndani la kamati. Ukiweka mihtasari hii miwili kando kando utaona inakutana kwenye tarehe na geti tu, lakini yote miwili ni ya kweli kwa kikao kile kile.

Kuna anayeweza kusema afisa apewe yote, achague mwenyewe. Mimi sikubaliani. Anayepewa kurasa tatu atasoma aya ya kwanza, na kwa mtindo wa zamani aya ya kwanza ni sala na shukrani.

Sasa kamati. Katibu aliomba jedwali, na ndiyo hitaji linaloonekana rahisi kuliko yote. Agizo lilikuwa: "Tengeneza jedwali la kazi, mhusika, tarehe ya mwisho na gharama." Msomaji anajulikana, mpangilio unajulikana. Kilichotoka:

| Kazi | Mhusika | Mwisho | Gharama |
|---|---|---|---|
| Kutengeneza geti | Fundi | Tar. 13 | 280,000 |
| Kuchangisha pungufu | Kamati | Tar. 11 | 90,000 |
| Kufunga mbuzi | Wafugaji | Mara moja | Hakuna |
| Msaragambo | Wanachama wote | Tar. 14 | Hakuna |

Tafuta tarehe 13 kwenye maandishi. Haimo. Hakuna aliyeitaja. Mwandishi aliona msaragambo ni tarehe 14 na geti lazima litangulie, akahesabu nyuma siku moja. Tarehe 11 ndiyo Jumatano, lakini Jumatano ilikuwa ahadi ya mjumbe mmoja kuhusu mchango wake mwenyewe, haikuwa tarehe ya kamati kukusanya pungufu lote. "Kamati" kuchangisha: hakuna aliyepewa kazi hiyo. Ukisoma tena kipande cha 01:31 hadi 01:33 utaona fundi amesema bei, mweka hazina amesema zilizopo, mwenyekiti amesema aanze zikitimia, na hakuna aliyesema nani atazitimiza. Hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote ya kikao kile, na jedwali limelifunika vizuri kabisa.

Mpangilio una nguvu ya namna hii. Aya inakuruhusu kunyamaza. Chumba kitupu kwenye jedwali kinakutazama. Mwandishi anaona aibu kukiacha wazi, na mantiki inampa kitu cha kukijaza, kitu chenye sura ya ukweli kabisa. Kosa la aina hii ni gumu kugundua kuliko la muhtasari wa kwanza, kwa sababu linakuja na tarehe na tarakimu, na watu huziamini tarakimu zilizo ndani ya mistari.

Dawa yake ni fupi. Agizo liliongezewa mistari miwili tu:

> Chumba ambacho jibu lake halikusemwa kikaoni kiandikwe "haikutajwa". Usikadirie.
> Ongeza safu ya saa: kila mstari uonyeshe ulitoka dakika gani ya rekodi.

| Kazi | Mhusika | Mwisho | Gharama | Saa |
|---|---|---|---|---|
| Kutengeneza geti | Fundi | Haikutajwa. Aanze fedha zikitimia | 280,000 | 01:31:12 |
| Kupata fedha zilizopungua | Haikutajwa | Haikutajwa | 90,000 (280,000 kutoa 190,000) | 01:31:50 |
| Mchango wa mjumbe mmoja | Mjumbe huyo | Jumatano | Haisikiki | 01:33:05 |
| Kuwajulisha wanachama | Katibu | Alhamisi tar. 12 | Haikutajwa | 01:33:30 |

Jedwali hili linachukiza kidogo kulitazama, na ndilo linalofaa. Mwenyekiti akilifungua, jicho lake linaenda moja kwa moja kwenye mstari wa pili wenye "haikutajwa" mara mbili, na anajua cha kufanya kabla ya Jumamosi. Safu ya saa inafanya kazi mbili. Inamwezesha msomaji kukagua, na inamfanya mwandishi mwenyewe akose pa kuweka tarehe 13, kwa kuwa hana saa ya kuandika mbele yake. Hesabu ya 90,000 tumeiacha kwa sababu inatokana na namba mbili zilizosemwa, na imeonyeshwa ilivyopatikana. Kukadiria tarehe ni kitu kingine.

Yapo maagizo yanayoshindana yenyewe kwa yenyewe, na hayo hayasaidiwi na urefu wake. "Ufupi lakini usiache kitu" ni moja. Mwandishi akilipata hulitatua kwa njia yake, mara nyingi kwa kutaja kila mada bila kusema lolote juu yake: "kilijadili tatizo la mbuzi, faini na ubovu wa geti." Jingine ni "nusu ukurasa kwa ajili ya wote". Ukipewa agizo la namna hiyo, rudi kwa mteja umwombe achague msomaji mmoja wa kwanza, na wengine wapate karatasi zao. Kuandika mihtasari mitatu mifupi kutoka maandishi ambayo mtu ameshayasoma hakuchukui muda mwingi kuliko kuhangaika na mmoja usiotosha.

Njia yetu ya kukagua haina ufundi mkubwa. Mtu mwingine ofisini, ambaye hakuandika, anachukua muhtasari na kalamu. Kila sentensi anaitafutia mahali pake kwenye maandishi na kuandika pembeni moja ya herufi tatu: U kwa uamuzi, P kwa pendekezo, L kwa lalamiko. Halafu analinganisha na kitenzi alichotumia mwandishi. Penye P pameandikwa "imepanda", hapo pana kazi. Baada ya hapo anasoma maandishi kwa mpangilio wa kinyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo, akitafuta kipande kifupi kinachomhusu msomaji ambacho hakimo. Ni hatua hii ya pili inayowapata watu wa sekunde kumi. Wengi huiruka, kwa kuwa kukagua kilichopo ni rahisi kuliko kukagua kisichopo.

Kuna mahali ambapo hakuna agizo linaloweza kufika. [haisikiki] ya 01:33:05 ni mfano. Mtu aliahidi fedha na mlango ukagongwa, au simu ilisogezwa, tukabaki na "elfu". Kishawishi ni kikubwa hapo: pungufu ni 90,000, mwenyekiti baada ya ahadi ile alipanga tarehe bila wasiwasi, basi bila shaka alisema tisini. Inaingia akilini. Ingeingia pia kwenye jedwali na kwenye taarifa ya ofisi ya bonde kama fedha zilizotimia. Mwandishi aliacha "haisikiki" kama ilivyo, na katibu akampigia mjumbe aliyeahidi.

Alikuwa ameahidi arobaini. Hamsini zilikuwa bado hazina mwenyewe. Mstari wa pili wa jedwali ukapata jina la mweka hazina kama mhusika, na SMS ya Alhamisi tarehe 12 ikawa fupi kuliko zote: msaragambo ni tarehe 21.